Kwa mdogo wangu na wenzake: pesa yenye tarehe isiende kwenye sarafu za kidijitali

Mdogo wangu, salamu nyingi. Barua hii ni yako, ila nimeiacha wazi kwa sababu wenzako wengi pia wanapokea pesa kutoka kwa ndugu walio ughaibuni, na swali lako ndilo lao: kwa nini ninachotuma kisinunue bitikoini kikazaa?

Novemba 2021 bitikoini moja ilifika kama dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa kama 16,000. Aliyeingiza dola 1,000 kule juu alibaki na 230 hivi. Utaniambia bei ilirudi, na ni kweli, ilikivuka kile kilele Machi 2024. Lakini hapo katikati ni zaidi ya miaka miwili. Mwenye karo ya kulipa Januari aliuza kwa hasara, na bei ilipopanda tena yeye hakuwa na kitu mkononi. Na hiyo ni bitikoini. Sarafu nyingine, Luna, iliporomoka Mei 2022 kwa siku chache tu, na walioishikilia wakisubiri hawakuona thamani yao ikirudi.

Kwa hiyo kabla ya kuniuliza sarafu gani, chukua daftari uandike kila malipo ya mwaka na tarehe yake: kodi, karo, dawa za mama. Pesa ya hayo haiguswi. Kisha tazama madeni. Ukidaiwa 200 kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi, kila mwezi 10 zinakwenda bure. Lipa deni hilo na umeziokoa hizo 10, soko lipande au lishuke. Sijui sarafu inayoweza kukuahidi hivyo.

Baada ya hapo weka akiba ya matumizi ya nyumbani ya miezi mitatu hadi sita, mahali unapoweza kuitoa haraka. Mkataba wangu huku unaweza kukatizwa, na siku hiyo nyote mtaitegemea akiba hiyo. Ikishajaa, ziada ndiyo iende kwenye biashara unayoielewa au hatifungani za serikali. Sarafu zije mwisho, kwa kiasi ambacho kikipotea chote hakuna atakayelala njaa.

Na huyo anayekuonyesha faida kwenye simu kila siku, mwambie unataka kutoa pesa yote. Kutoa kidogo mara ya kwanza si ushahidi, matapeli wengi huruhusu hivyo ili uongeze. Akidai kwanza utume “kodi” au “ada ya kufungulia akaunti”, usitume hata senti. Ada ya kweli hukatwa kwenye salio lako.

Nitumie picha ya hiyo orodha ya malipo na madeni kabla sijatuma ya mwezi huu. Tutaanza na deni lenye riba kubwa.

Kaka yako