Isome ukiwa peke yako

Tanga, Jumanne usiku

Swahiba wangu,

Assalaam aleikum. Natumai barua imekukuta mzima, na vumbi la Dodoma halijakurudishia kile kikohozi. Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi. Mama anakusalimu, na kila akipika mbaazi za nazi anauliza shule zinafunga lini. Mvua zimeanza, bahari imechafuka, kwa hiyo kazi ya boti imepungua na jioni napata nafasi ya kukaa. Nafasi hiyo ndiyo nimeitumia kukuandikia.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati kila Jumapili tunaongea kwenye simu. Ninalotaka kukuambia sitaki likukute unasahihisha madaftari, au umesimama kwenye foleni, ukajiona lazima ujibu pale pale kwa kuwa nimeshika simu nasubiri. Barua unaweza kuiweka chini, ukapika, ukalala, ukairudia kesho. Au usiirudie.

Tumejuana tangu kidato cha kwanza, mwaka 2008. Mimi nakukumbuka kwa logarithimu. Ulikuwa hukubali mtu aseme "nimeelewa" kabla hajafanya swali lake mwenyewe mbele yako, nami nilibaki darasani na wewe mpaka mlinzi akaja kufunga madirisha. Tangu hapo sijawahi kuwa na jambo kubwa maishani bila kukuambia. Nilipopata nafasi ya kujifunza ufundi wa mashine za boti, ulijua kabla ya baba. Ulipopangiwa kazi Dodoma, ulinipigia ukiwa bado umeshika karatasi, ukanisomea herufi kwa herufi. Ligi ikianza, hatuulizani, tunajua siku ya Wagosi wa Kaya tutaongea mara mbili, kabla ya mechi na baada yake. Watu wengi wananifahamu hapa mjini. Anayenijua ni wewe.

Kuna siku moja nataka nikukumbushe, maana najua wewe hukuiona kuwa ni kitu. Mama alipolazwa, ulikuja kwa basi, ukafika usiku, na asubuhi ulikuwa wodini kabla yangu. Nilipoingia nilikukuta umekaa kwenye ukingo wa kitanda na kipande cha boksi mapajani. Ulikuwa umenunua kalamu nene, ukanakili saa za dawa kwa herufi kubwa, kidonge cheupe saa mbili, cha njano saa nane, kwa sababu uligundua mama haoni yale maandishi madogo na anaona haya kumuuliza nesi. Ukaitoboa tundu, ukaifunga kwa uzi wa kanga kwenye chuma cha kitanda. Kisha ukachukua kanga zake chafu ukaenda kuzifua. Hukumwambia mtu. Mama alipopona aliirudisha nyumbani ile boksi, na mpaka leo iko nyuma ya mlango wa chumba chake.

Siku ile nilikushukuru kama anavyoshukuriwa rafiki, na nilimaanisha. Yaliyobaki yalinijia polepole, bila kelele. Nikienda sokoni Mgandini nikamkuta changu mzuri, nakata shauri kichwa chake kisikatwe, kwa kuwa wewe ndiye unayekipenda, na wewe uko Dodoma. Fundi mwenzangu akisema jambo la kuchekesha, nalihifadhi hadi Jumapili. Nikajiambia huo ni urafiki wa muda mrefu tu.

Halafu ukanipigia mwaka jana kuniambia kuna mwalimu mwenzako anataka kuleta posa, ukaniuliza naonaje. Nilikuuliza kama anakusikiliza ukiongea, kama ana hasira, kama anasali, kama anajua kwamba mshahara wako unasomesha wadogo zako. Yale maswali yalikuwa ya kweli, na kama majibu yake yangekuwa mema ningekuambia mkubalie. Lakini tulipokata simu nilikuwa nimefungua kabureta ya mashine ya farasi 15, jeti zimo kwenye kisahani cha petroli, nikakaa mbele yake mpaka giza likaingia sijarudisha hata moja. Ndipo nilipojua. Sikukuambia wakati ule kwa sababu ulikuja kwangu kutafuta ushauri, na mshauri mwenye haja yake si mshauri. Ulipomkatalia baadaye, kwa sababu zako mwenyewe, nilinyamaza tena ili usidhani nilikuwa nimekaa pembeni nasubiri aondoke.

Basi leo nasema. Nakupenda. Nakupenda kwa mapenzi ya mwanamume anayetaka kuoa na kuzeeka na mtu, na mtu huyo ni wewe. Napenda unavyobisha mpaka ukweli upatikane, na ukishindwa unasema "haya, hapo umenipata" na uso wako hauingii hata chembe ya kinyongo. Napenda unavyoanza kucheka kabla hujafika mwisho wa kisa chako, mimi nikicheka na sijui bado ninachokicheka. Napenda kwamba nikiwa nawe sijipangi maneno.

Ningeweza kupita njia ya kawaida. Mjomba wangu angekuwa mshenga, barua ya posa ingefika kwa wazee wako, na kwa jinsi nyumba zetu zinavyopendana najua wangefurahi. Hilo hasa ndilo lililonizuia. Posa ikishaingia ndani, kukataa hakuwi tena kwako peke yako. Mama yako angekuuliza, shangazi angekuuliza, mama yangu angekuwa anasubiri nyuma ya mlango, na kila mmoja angekutajia miaka ya urafiki wetu kama vile ni deni. Kwa wazee wetu kimya cha mwali huhesabiwa kuwa ridhaa. Mimi sitaki ridhaa ya namna hiyo kutoka kwako, hata kwa bahati mbaya.

Kwa hiyo kwangu kimya chako kihesabiwe hapana. Jumapili nitapiga simu kama kawaida, saa ile ile. Tutaongea habari za wanafunzi wako, na mechi, na mashine zangu. Usipoigusa barua hii, nami sitaigusa, si Jumapili hiyo, si inayofuata, wala shule zikifunga ukaja nyumbani. Huna haja ya kunitungia sababu, wala kunibembeleza, wala kuniambia mimi ni mtu mzuri. Nitakuwa nimeelewa, na sitaendelea kukuchungulia kama labda umebadili nia. Nitapata uchungu, hilo sikufichi, lakini uchungu huo ni kazi yangu na nitaushughulikia na Mola wangu. Usinipunguzie simu kwa kunihurumia.

Kama moyo wako una neno lingine, hata kama ni dogo, hata kama ni maswali matupu, niambie tu kwamba barua imefika. Hapo nitajua tunaweza kuizungumza. Kusema imefika hakutakufunga kwenye ndiyo. Na tukizungumza ukaona haiwezekani, utasema, tutarudi tulipokuwa.

Hakuna anayejua. Sijamwambia mama, sijamwambia dada yangu, na marafiki zetu wa shule hawana hata fununu. Nilisubiri harusi ya mdogo wako imalizike kwanza, maana tulikuwa kamati moja na sikutaka ukae vikaoni na jambo hili kichwani huku unahesabu michango. Barua nimeituma peke yake pia. Nilitaka kukuwekea machungwa ya Muheza kwenye basi kama ninavyofanya msimu ukifika, nikaona hapana, machungwa yatakuja siku yake, bila neno lolote ndani.

Na ile pesa ya pango niliyokutumia ulipohamia Dodoma, tafadhali isiingie kabisa katika hesabu hizi. Ulikuwa unairudisha kidogo kidogo, endelea hivyo hivyo au acha, yote sawa. Haikuwa na jina jingine siku ile na haina leo. Vilevile ulivyomuuguza mama. Sikuviona kuwa ni dalili ya kitu kwangu. Ulimfanyia mama, kwa moyo wako, na ninakujua ungemfanyia mama wa mtu yeyote.

Inawezekana yupo mtu moyoni mwako ambaye hujanitajia. Huna wajibu wa kunitajia. Inawezekana pia unanipenda sana na hunipendi hivi, na hilo nimelifikiria usiku mwingi kabla ya kushika kalamu. Nimeona kwamba naweza kuishi nalo. Nisichokiweza ni kuendelea kukusikia Jumapili kwa Jumapili nikijua kuna chumba kimoja ndani yangu nimekufungia mlango, wakati wewe hujawahi kunificha kitu.

Ukitaka kujua ninachokiomba hasa, ni hiki. Shule zikifunga Juni, tutembee Raskazone jioni moja, tuongee tukijua sote tunaongelea nini. Baada ya hapo mwendo ni wako. Sikuombi uache kazi. Najua uhamisho wa walimu unavyosumbua, na najua wanafunzi wako wa kidato cha nne huwezi kuwaacha katikati. Ikifika huko, Dodoma haina bahari lakini ina jenereta na pampu za visima, na fundi wa injini hakosi mkate. Nimeshauliza bei ya fremu kule, kwa siri, kwa mtu asiyekujua. Nakuambia si ili uharakishe, ila usije ukadhani kunipenda kutakugharimu maisha uliyojijengea.

Nimemaliza niliyokuwa nayo. Barua ichane, ichome, itunze, vyovyote. Ukiwa umechoka usiifikirie leo.

Mama anasema ule mkaango wake uliouazima usiulete, amenunua mwingine. Jumapili nitakupigia.

Wasalaam,
Ni mimi swahiba wako, Ngamiani