Barua ya Kufunga Muhula kwa Wazazi wa Darasa la Awali

YAH: KUFUNGA MUHULA NA MICHEZO YA WATOTO WA MIAKA MINNE

Ndugu Wazazi na Walezi,

Ripoti za watoto zimo ndani ya bahasha hii pamoja na tarehe ya kufungua shule, na ada ya muhula ujao italipwa benki kama kawaida. Nafasi iliyobaki naitumia kueleza jambo lililonifurahisha sana siku ya kufunga, na jingine lililotokea siku hiyo hiyo ambalo halikunifurahisha hata kidogo.

Mliohudhuria mliwaona watoto 24 wa miaka minne wakizunguka uwanjani kwa kufuata makofi ya mwalimu wao, bila ngoma, redio, mpira wala kamba. Makofi yalipokuwa ya polepole na mazito walitembea kama tembo. Yalipokuwa mepesi na ya haraka walipiga hatua fupi fupi kama kuku. Na yalipokatika ghafla, kundi zima liliganda, wengine wakiwa wameinua mguu mmoja. Naomba muelewe kwamba kuganda huko ndiko kugumu kuliko yote mliyoyaona. Mtoto wa umri huu husikia vizuri kwamba makofi yamekoma, lakini mwili wake huendelea na safari, na mwanzoni mwa muhula wengi walikuwa wakisogea hatua kadhaa zaidi kabla ya kukumbuka kusimama, huku wale wa nyuma wakiwagonga wa mbele.

Mwalimu wao alilitatua jambo hilo kwa subira. Kabla ya kuanza, kila mtoto alinyoosha mikono kama mbawa na kujigeuza taratibu, na aliyemgusa mwenzake alisogea. Kisha walitembea tu, wote wakielekea upande mmoja, kwa muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kukimbia mchakamchaka, kwa sababu mtoto asiyeweza kusimama akitoka katika mwendo wa kutembea hawezi kusimama akitoka katika mbio. Mwalimu hakupiga kelele ya "simama"; ukimya wenyewe ndio uliokuwa amri, na hivyo watoto walijifunza kusikiliza badala ya kungoja kukemewa. Waliganda kwa hesabu ya moja hadi tatu na si zaidi, maana ikivuka hapo kicheko huanza na mchezo huvunjika. Kusimama kwa mguu mmoja kulikuja mwisho, kwa sekunde chache, na wachache ambao bado wanayumba waliruhusiwa kugusa ardhi kwa ncha ya kidole cha mguu wa pili. Kuruka kwa kubadilisha miguu kwa zamu hatukuwadai, kwa kuwa wengi wa umri huu bado hawajakuweza.

Baadhi yenu mliuliza kwa nini katika mchezo wa nyama nyama hakuna mtoto aliyetolewa nje. Sote tulikua tukiucheza hivi: kiongozi anataja nyama ya ng'ombe, ya mbuzi au ya kuku, watoto wanaitikia na kuruka, anataja nyama ya paka, wanatulia kimya, anayeruka kimakosa anatoka. (Nguruwe hatumtaji, kwa kuwa katika darasa letu wapo wanaomla na wasiomla, na ubishi wake hauishi.) Kwa watoto wa miaka minne tumeiondoa kanuni ya kutoka, kwa sababu anayekosea ndiye hasa anayehitaji kurudia, na ukimkalisha pembeni atakuwa anachimba mchanga na kuwachokoza wenzake ndani ya dakika moja. Badala yake kiongozi hunyamaza kidogo kabla ya kutaja mnyama, na katika kimya hicho kifupi mtoto hujifunza kuuzuia mwili wake usiruke. Anayefuata kweli hutazama mdomo wa mwalimu. Ambaye hajaelewa hutazama miguu ya jirani yake na kuruka akiwa amechelewa kidogo. Hilo si kosa, ni hatua ya kujifunza, na mwalimu akiliona hupunguza mwendo na kutaja wanyama wawili tu, ng'ombe na paka, hadi liishe.

Katika ukuti pia mliona mabadiliko. Duara la watoto wadogo walioshikana mikono wakikimbia huanguka karibu kila mara, kwa kuwa mwenye kasi humvuta mzito na mnyororo mzima hufuata chini. Kwa hiyo watoto wetu hushikana na kutembea, na mwalimu ndiye anayeuchelewesha wimbo ili miguu nayo ichelewe. Ukifika wakati wa kutetemeka, wanaachiana mikono, wanarudi nyuma hatua moja, na kila mmoja anatetemesha kwanza viganja, kisha mabega, kisha magoti, mpaka anachuchumaa.

Hapo kwenye duara ndipo lilipotokea jambo ninalolazimika kulisema waziwazi. Wazazi kadhaa, wakiwa na simu mikononi, waliingia katikati ya uwanja wakati watoto wakicheza. Mmoja alimvuta mwanawe kutoka kwenye duara ili ampige picha akiwa peke yake, na duara likakatika. Wengine walipaza sauti wakiita majina na kuamrisha "cheza vizuri!" na "ruka juu!", na watoto waliokuwa wakisikiliza makofi wakageuka kutafuta sauti za nyumbani. Mtoto mmoja ambaye kwa wiki nyingi alikuwa akikaa kando ya mwalimu akipiga makofi tu, na ambaye siku hiyo aliingia kucheza kwa hiari yake, aliitwa kwa kelele na ndugu zake, akajificha uso, akarudi kando. Mtoto mwenye haya huingia mchezoni kwa kutazama kwanza, kisha kwa kupiga makofi, kisha kwa kutembea karibu na mwalimu; kumsukuma humrudisha mwanzo, na kazi hiyo sasa itabidi ianze upya. Kuanzia muhula ujao wageni wote watakaa nyuma ya mstari wa miti, na atakayeuvuka mchezo ukiendelea ataombwa kutoka nje ya uwanja, hata awe nani.

Nawakumbusha pia, kwa ukali uleule, kuhusu muda na mavazi. Michezo huanza saa 2:00 asubuhi, kabla jua halijawa kali. Anayeletwa saa 2:30 hukuta kanuni zimeshaelezwa na makundi yameshapangwa, naye hushinda akiiga wenzake. Viatu vya ngozi vyenye soli inayoteleza, ndala, na sketi za kubana havifai. Soksi bila viatu juu ya sakafu ya vigae ni hatari zaidi kuliko miguu mitupu. Tumelisema hili kila mkutano, na bado kila Jumatatu wapo wanaokaa kando kwa sababu ya viatu vya sherehe.

Kwa mzazi aliyeniambia kwamba halipi ada ili mtoto akaruke, jibu langu ni kwamba Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linataka mtoto wa miaka mitatu hadi minne ajongee angalau dakika 180 kwa siku, na 60 kati yake ziwe za kuhemesha. Shuleni hatuwezi kuzimaliza zote. Likizoni chezeni naye sebuleni au uani: pigeni makofi, yakatisheni, agande. Msianze mara tu baada ya kula, na mnapomaliza msikate ghafla. Punguzeni makofi polepole mpaka atembee, akae, kisha alale chali akipumua taratibu, la sivyo atawakimbilia hadi usiku.

Siku ya kufungua, mleteni akiwa na raba zenye kamba au bandiko linalofunga imara, na kabla ya saa 2:00.

Wenu,
Mwalimu Mkuu