Mdogo wangu, tuzungumze kuhusu hizo Jumatatu na Jumatano

Mdogo wangu,

Jina lako sitalitaja, usiogope. Nimeandika hapa mbele za watu kwa sababu ujumbe mrefu wa WhatsApp husomi, unajibu "poa dada" kabla hujafika mstari wa tatu. Na najua Dar hii wako wengi wanaoishi kama wewe: mchana ofisini, jioni mtaani, katikati simu ya mama na kamati ya harusi. Kama mmoja wao atasoma badala yako, si hasara.

Jumapili ile ulipolala kwenye kochi la Mama kabla chakula hakijaiva, daftari lako la mahesabu ya gari, hiyo teksi ya mtandaoni unayoendesha jioni baada ya kazi, lilikuwa mezani. Nililifungua. Samahani. Miaka kumi na moja ya kutunza vitabu vya watu imeniharibu, siwezi kuona safu za namba nikazipita.

Kwanza nikusifu: daftari ni safi. Kila usiku umeandika ulichoingiza, kato la kampuni, mafuta, bando, kuosha gari. Ulichokosea ni kimoja tu, umejumlisha wiki nzima pamoja. Ukijumlisha hivyo unaona wastani wa shilingi 18,000 kwa usiku, usiku nne, wiki 72,000, na unasema si haba. Mimi nikachukua kalamu nikazitenganisha siku. Ijumaa inakubakizia kama 38,000. Alhamisi 14,000. Jumatano 11,000. Jumatatu 9,000, na Jumatatu mbili kati ya nne zilizomo daftarini ulimaliza usiku na elfu sita mkononi.

Sababu unaijua kuliko mimi. Ijumaa watu wanatoka Masaki na Mikocheni usiku, barabara nyeupe, safari ndefu. Jumatatu unaanza saa kumi na mbili jioni umekaa kwenye foleni na abiria wa kilomita nne, IST inakunywa mafuta imesimama, na ikifika saa tatu watu wote wameshalala. Kuanzia hapo hadi saa sita unazunguka Sinza na Mwenge ukisubiri simu ilie. Saa sita za kazi kwa shilingi 9,000 ni 1,500 kwa saa. Kibarua wa kupakua mizigo hapo bohari kwenu ungemlipa hiyo angekucheka.

Kwa hiyo Jumatatu na Jumatano kwa pamoja zinakuletea 20,000 kwa wiki, 80,000 kwa wiki nne. Iweke hiyo namba kichwani, maana sasa nataka tuone unailipia nini.

Unaamka saa kumi na moja kasorobo alfajiri ili uwahi Barabara ya Nyerere kabla Goba yote haijaingia barabarani. Ukizima programu saa sita usiku, hadi ufike nyumbani, uoge, ule ubwabwa uliofunikwa na wifi, ni saa saba. Umebakiwa na saa tatu na dakika arobaini na tano za kulala. Mara nne kwa wiki. Jumanne unayoiita ya kupumzika una kikao cha kamati ya harusi ya binamu, wewe mweka hazina, na hizo fujo za michango zinaisha saa nne.

Wewe unasema umezoea. Hapo ndipo nilitaka tufike, maana hata mimi nilisema hivyo. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watu waliowalaza saa sita tu kwa usiku, wiki mbili mfululizo, huku wakiwapima kila siku umakini na wepesi wa kuitikia. Kadiri siku zilivyokwenda walizidi kuporomoka, hadi wakawa kama mtu aliyekesha usiku mzima au hata miwili. Lakini walipoulizwa wanajionaje, wakajibu wamechoka kidogo tu. Walikuwa wameshindwa kujiona. Na hao walilala saa sita, mdogo wangu. Sita. Wewe siku hizo nne unalala chini ya nne. Ndiyo maana ukiniambia "niko fiti dada" sikubishii, ila pia sikuamini, kwa sababu kinachotumika kupima ndicho kilichoharibika.

Kuna jingine linalomhusu dereva moja kwa moja. Mwaka 2000 watafiti wa Australia walilinganisha watu waliokaa macho muda mrefu na watu waliokunywa pombe. Aliyekaa macho kati ya saa 17 na 19 alifanya vibaya kwenye baadhi ya vipimo sawa na mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu, au vibaya zaidi. Hesabu mwenyewe kutoka saa kumi na moja kasorobo alfajiri: saa ya kumi na saba inakukuta saa nne kasorobo usiku, na hapo bado una saa mbili na robo mbele yako, na abiria kiti cha nyuma. Wewe usiyegusa hata bia moja.

Usiniambie unafungua vioo na kuongeza redio. Upepo na muziki vinakuchangamsha dakika chache, usingizi unarudi palepale. Dalili za kuangalia ni nyingine. Umefika Lugalo na hukumbuki ulivyopita Mwenge. Abiria amekwambia kata kushoto ukanyoosha. Taa za Morocco zimewaka kijani na honi ya nyuma ndiyo iliyokuamsha. Ya mwisho ulitusimulia mwenyewe pale kwa Mama, ukicheka, na sisi sote tukacheka. Mimi nilicheka pia, kisha nikakosa raha.

Na lile bampa? Jumatano ile uligonga nguzo ya geti lako mwenyewe, geti unaloingia kila siku. Fundi na rangi 170,000. Haya, rudisha ile namba: Jumatatu na Jumatano zote za miezi miwili ni 160,000. Nguzo moja imezila zote na ikadai chenji.

Nikueleze yangu kidogo, ambayo nyumbani niliisema nusunusu. Ile miaka niliyotunza vitabu vya maduka matatu usiku, tarehe 7 ya kila mwezi ilikuwa kodi za mishahara, tarehe 20 ritani za VAT, na kazini kwangu nako tarehe ni hizohizo. Sikuanguka, sikulazwa. Kilichotokea ni kwamba nilianza kuwachukia wateja. Simu ya mwenye duka ikilia natukana kabla sijapokea, mimi ambaye unanijua. Kisha nikaanza kukosea vitu vya mtoto wa darasa la saba, 54,000 naandika 45,000, naisoma mara tatu na naiona sawa. Nikachukua likizo ya wiki, nikalala, nikarudi, na Jumanne nilikuwa palepale.

Hapo ndipo uchovu wa kawaida na huu mwingine, ambao kwa Kiingereza huitwa burnout, unapoachana. Shirika la Afya Duniani, kwenye orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa 2019, limeuandika kama hali inayotokana na kazi, siyo ugonjwa, na limeupa alama tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na kuona kazi yako haizai matunda tena. Uchovu wa kawaida usingizi unauondoa. Huu usingizi peke yake hauumalizi, kwa sababu ukiamka mzigo uko palepale. Mimi nilipona nilipoyaacha maduka mawili kati ya matatu, na ilichukua miezi. Wewe bado hujafika huko, naona. Mwanao akikukimbilia getini bado unambeba. Lakini mwezi uliopita wifi aliniambia umeanza kumwambia "niache kidogo". Simlaumu kwa kuniambia, na wewe usimlaumu.

Sasa sikwambii uache gari. Rejesho la mkopo wa gari ni 200,000 kwa mwezi hadi Desemba, nalijua. Ila angalia: ukiondoa Jumatatu na Jumatano unabaki na 208,000. Rejesho linatosha, zinabaki elfu nane. Unapata siku mbili za kulala saa tatu na nusu usiku, saa saba na robo za usingizi badala ya tatu na kitu. Alhamisi zima saa tatu na nusu, hela za baada ya hapo hata daftari lako linasema ni kiduchu. Ijumaa ndiyo siku yako, endesha, lakini ukitoka kazini paki palepale ndani ya uzio, kunywa kahawa ya yule mzee wa kijiweni, tega simu dakika ishirini, ulale. Kahawa inachukua karibu muda huohuo kuanza kazi, kwa hiyo vinakutana ukiamka. Usilale saa nzima, utaamka kichwa kizito kuliko ulivyolala. Na kahawa iwe hiyohiyo ya jioni, isiwe nyingine saa nne, maana nusu yake itakuwa bado mwilini mwako saa tisa usiku. Usingizi huo mfupi unakununulia muda tu, haukulipii deni lote. Macho yakianza kuuma kabla ya saa sita, zima, hata kama kuna safari ya Mbweni inalia.

Likizo yako nayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 28 kwa mwaka, sikukuu zinazoangukia humo zikihesabiwa ndani. Mwaka jana zote uliendesha gari. Mwaka huu nataka walau kumi na nne funguo akae nazo wifi.

Kuhusu kamati ya harusi: toa mchango wako, uachie uhazina. Watanuna wiki moja. Atapatikana mwingine, yupo yule mjomba anayependa sana kushika daftari za watu.

Nimebakiza linaloniuma. Kliniki ya presha ya Mama, kila mwezi, wewe ndiye unayeomba ruhusa kazini, na ile nusu siku unaifidia jioni. Tuko watoto watatu. Hatukuwahi kukaa tukakubaliana, ilitokea tu, kwa kuwa una gari. Mizigo ya shangazi kutoka stendi ya Magufuli, ni wewe. Msiba Chanika, ni wewe. Gari limekuwa la ukoo na mkopo umebaki wako, na mimi dada yako nimekaa kimya kwa sababu kimya kilinifaa.

Kliniki ijayo ni Jumanne ya wiki ijayo. Nimeshaomba ruhusa, nitakwenda naye kwa bajaji. Kadi yake mpe wifi, nitaipitia Jumapili jioni. Ukiwa umelala wasikuamshe.

Dada yako