Boya la tangi: unene wa chuma una mpaka wake

Wateja wanaotuletea oda za maboya ya tangi hapa Katwe, Kampala, karibu wote wana ombi moja: "Fundi, niwekee chuma kinene kisioze haraka." Hatuwalaumu, maji ya tangi hula chuma kweli. Ila boya ni tufe lenye uwazi ndani, na ukuta ukizidi unene fulani, litazama.

Kujua kiasi cha chuma kilichomo, piga ujazo wa tufe zima kwa vipimo vya nje, kisha toa ujazo wa uwazi wa ndani:

V = (4/3)π(R³ − r³)

R ni nusu ya kipenyo cha nje. r ni R ukitoa unene wa ukuta.

Tuseme boya lina kipenyo cha sentimita 20 na ukuta wa milimita 3. R ni 10, r ni 9.7. Mchemraba wa 10 ni 1000, wa 9.7 ni 912.7. Tofauti ni 87.3, zidisha kwa 4.19 upate takriban sentimita za ujazo 366 za chuma. Kila moja ina uzito wa gramu 7.85, kwa hiyo boya zima ni kama kilo 2.9.

Hapo ndipo tunapokorofishana na wateja wanaojipigia hesabu nyumbani. Wengi hutoa milimita 3 mara moja tu kwenye kipenyo, wakabaki na 19.7, ilhali ukuta uko pande zote mbili na kipenyo cha ndani ni 19.4. Wanapata nusu ya chuma, halafu wanatuuliza mbona tunawatoza kilo za hewa.

Sasa turudi kwenye kuelea. Tufe hilo likizamishwa lote linasukuma maji ya kilo 4.19. La milimita 3 linabakiwa na nguvu ya kilo 1.3 ya kuinua mkono wa valvu. Ukuta wa milimita 6 unafikisha kilo 5.6, nalo linakwenda chini moja kwa moja. Mpaka ni milimita 4.4 hivi, tena hapo halina nguvu yoyote ya kuinua kitu. Kwa kipenyo hiki sisi hatuvuki 3. Ukitaka ukuta mnene zaidi, ongeza kipenyo, au upake rangi ya kuzuia kutu.

Ukija kuchukua mzigo, mizani ipo mlangoni. Mshono wa kuchomelea huongeza uzito kidogo, na plati hupungua unene inapokandamizwa kuwa bakuli, kwa hiyo usitegemee 2.9 kamili. Lakini boya la milimita 3 likisoma kilo 2, plati ilikuwa ya milimita 2. Na boya la zamani lililoongezeka uzito, litikise: ukisikia maji ndani, mshono una tundu.