Barua kwa wazazi na vijana wetu: hiyo 14 na nusu mmeisoma vibaya

Wanangu, na nyinyi wazazi wao wa hapa Mombasa na Dar mnaopatanisha kundli, yaani chati za nyota za wachumba, siku hizi kwa simu,

Nimenyamaza wiki tatu nikasema labda hasira itapoa, haijapoa. Uchumba umevunjwa kwa sababu ya skrinshoti. Mtu kaingiza tarehe mbili za kuzaliwa kwenye apu, ikatoka 14 na nusu kati ya 36, akaituma kwenye grupu la familia saa nne usiku, kufika asubuhi upande wa mvulana washapiga simu kusema samahani. Hakuna hata aliyeuliza alama zimepotelea wapi!

Tuanze hapo basi. Vipimo ni vinane: Varna alama 1, Vashya 2, Tara 3, Yoni 4, Graha Maitri 5, Gana 6, Bhakut 7, Nadi 8. Ukijumlisha ni 36, na desturi inataka angalau 18. Angalieni hizo mbili za mwisho, peke yake zina 15. Kwa hiyo ukizikosa hizo mbili unabaki na 21 tu, na ukipoteza zaidi ya 3 kwingine umeanguka. Na vyote vinane vinatazama mwezi ulikuwa wapi angani saa ulipozaliwa, basi. Lagna, ile burji iliyokuwa ikichomoza, haimo, nyumba ya saba ya ndoa haimo, Mangal, yaani Mirihi, hayumo.

Sasa huyo binti. Kadi yake ya kliniki ninayo mimi, mama yake aliniachia tangu wanahama nyumba, imekunjika katikati na wino umefifia lakini inasomeka: saa 3.10 asubuhi. Saa tatu asubuhi ya kwetu, jua lishatoka, watu washakunywa chai. Kijana aliyeingiza kaandika 3:10 AM. Saa sita nzima zimepotea! Mwezi unakaa kwenye nakshatra moja, yaani kituo kimoja cha nyota njiani mwake, kama siku moja hivi, kwa hiyo saa sita ni robo ya safari yake, na kama ulikuwa karibu na mpaka umeshatupwa kwenye nakshatra ya nyuma. Ndivyo ilivyokuwa. Apu ilimuweka Rohini, kumbe yeye ni Mrigashira, ameingia humo saa chache tu kabla ya kuzaliwa. Mvulana ni Swati. Rohini na Swati wote wako kundi la Nadi ya Antya, na Nadi ikiwa moja ni sifuri kwenye alama 8. Mrigashira ni Nadi nyingine, ya Madhya, kwa hiyo 8 zote zinarudi, na Tara inaongeza moja na nusu. Nimehesabu mwenyewe kwa karatasi nikapata 24.

Na msisahau kuangalia mji, apu nyingine ukiiacha inachukua saa za India na hapo umeshapotea saa mbili na nusu nyingine.

Bhakut yao bado ni sifuri, siwafichi. Yeye burji yake Ng'ombe, mvulana Mizani, ukihesabu ni ya sita na ya nane, na hiyo inaogopwa. Lakini burji zote mbili bwana wake ni Zuhura, na maharaji aliyesoma atakwambia bwana akiwa mmoja dosha hiyo, yaani kasoro, inafutika. Apu yao ilitoa sifuri ikanyamaza. Hata Nadi ina misamaha yake, kwa mfano wakiwa burji moja na nakshatra tofauti. Ndiyo maana namba peke yake haisemi kitu, ulizeni sifuri iko wapi na kama imefutika.

Halafu kuna hawa wa kuuza puja, ibada za kuondoa mkosi. Mtu anaona Nadi sifuri, kabla hajauliza saa ya kuzaliwa anataja bei ya kuondoa dosha. Huyo mkwepeni. Nadi wazee waliiogopa kwa ajili ya watoto na damu, sawa, basi pimeni damu! Sisi Walohana tunajua thalasemia imo kwetu, na wote wawili wakiwa wabebaji kila mimba ina nafasi moja kati ya nne mtoto azaliwe mgonjwa. Mnaogopa Nadi mnayoihesabu kwa saa mbovu, kipimo cha damu mnaona aibu kukitaja mbele ya wakwe. Jamii gani hii jamani.

Binti yangu, wewe najua unasoma hapa. Hukukataliwa na nyota, umekataliwa na mtu asiyejua kusoma saa, na mimi bibi yako nasema hivyo mbele ya wote.

Mama wa mvulana, kadi iko kwenye droo yangu ya juu, kwenye mfuko wa nailoni. Njoo jioni baada ya aarti, lete na cheti cha mwanao maana saa yake pia sijaiona kwa macho yangu.