Barua kwa Dada Aliyechomoa Waya

Dada, shikamoo.

Mama ameniambia kwamba unataka kuanza kazi ya kutafsiri nyaraka, na kwamba umeona aibu kuniuliza mimi mwenyewe. Nimefurahi, nami sitaficha kwamba nimecheka kidogo, kwa sababu wewe ndiye uliyesema mbele ya mwanangu kuwa kazi ya usiku ni ya wanga na wezi. Nitakueleza ninachokijua, kisha tutafika kwenye neno hilo.

Kwanza, usikubali kazi kabla ya kuzihesabu saa zako. Wiki ile uliyokuja kwa ajili ya miadi ya macho, nilikuwa nimepokea fomu za ridhaa za utafiti wa dawa ya maji ya kuwakinga watoto na watu wazima dhidi ya malaria, jumla maneno 9,600 ya Kiingereza, za kukabidhiwa Jumatatu saa 3 asubuhi. Watoto walikuwa wakilala saa 3 na nusu, mimi nikaanza saa 4 usiku na kuacha saa 10 alfajiri. Katika maandishi ya aina hiyo, sipiti maneno 300 kwa saa, kwa hiyo usiku mmoja ulinipa 1,800. Nilikuwa na usiku tano tu, kuanzia ule wa kuamkia Alhamisi. Nne zingemaliza maneno 7,200, na wa tano ungebaki kwa maneno 2,400 ya mwisho, ambayo yalikuwa yaleyale ya fomu ya mtu mzima, isipokuwa sasa yaliandikwa kwa ajili ya mzazi, pamoja na kusahihisha yote.

Hayo 2,400 ndiyo yanayodanganya watu. Aliyetuma kazi huwa anaona maneno yamejirudia, hivyo hulipa nusu, na kwa Kiingereza ni kweli kwamba panabadilika neno moja tu: mahali palipoandikwa “wewe” panaandikwa “mtoto wako”. Kwetu sisi anayezungumziwa amejificha ndani ya kitenzi. “Utatolewa damu” ni lazima iwe “atatolewa damu”, na vivyo hivyo kwa kila kitenzi hadi mwisho wa fomu, na ukisahau kimoja, mama aliyemleta mwanawe atafikiri kuwa yeye ndiye atakayechomwa sindano. Ukipewa kazi ya namna hiyo, usiikubali kwa nusu bei. Mimi niliikubali, kwa kuwa ada ya muhula ilikuwa inadaiwa na wewe ulijua hivyo.

Jambo la pili nimelipata kwako, nami sijawahi kukushukuru. Ijumaa jioni ulikuwa unachambua mchele, nami nikakusomea kwa sauti sehemu inayoeleza kwamba nusu ya watoto watapewa dawa na nusu nyingine watapewa kile ambacho nilikuwa nimekiita “dawa bandia”. Uliacha mchele ukaniuliza, “Nani atakubali mwanawe anyweshwe dawa feki?” Nilijitetea kwamba neno hilo linatumika, lakini ulikuwa umeshanishinda, maana kwa msomaji wetu dawa bandia ni ile inayokamatwa dukani na muuzaji wake kupelekwa mahakamani. Usiku huo nililifuta kila lilipotokea, nikaandika “maji yenye rangi na ladha kama ya dawa hiyo, lakini yasiyo na dawa ndani yake”. Sentensi zilirefuka, lakini fomu ya ridhaa haina kazi nyingine zaidi ya kueleweka na anayetakiwa kuitia sahihi au dole gumba. Ndiyo maana nakuambia utaiweza kazi hii. Una sikio la mtu anayesomewa, na wengi wenye vyeti hawana.

Sasa tufike usiku wa kuamkia Jumapili.

Ilikuwa yapata saa 8. Ulitoka chumbani ukilalamika kwamba taa inakuumiza macho, na ulikuwa na haki, kwa kuwa siku ile yalikuwa yametiwa dawa. Nilikuomba dakika kumi. Hukujibu. Ulienda ukutani ukachomoa waya wa kompyuta, nawe ulijua kwamba betri yake ilikuwa imekufa tangu mwaka uliotangulia, kwa sababu nilikuwa nimekuonya usiuguse. Kioo kikawa cheusi, na kazi ya saa mbili, yaani maneno kama 600, ikapotea kwa kuwa sikuwa nimeihifadhi. Hilo nimekusamehe, na nusu ya kosa ni yangu. Siku hizi nahifadhi kila ninapomaliza aya, nawe fanya hivyo.

Nisilolisamehe ni lile neno, na namna ulivyomshika mkono mwanangu mdogo aliyekuwa amesimama mlangoni na nguo zake zimelowa, ukamwambia, “Njoo kwangu, mama yako yuko na wanga wenzake.” Alikuwa na miaka minne, dada. Kwa miezi mingi baada ya hapo alikuwa akiniuliza wanga ni kina nani na kwa nini hawaji mchana.

Asubuhi uliondoka na basi la kwanza la Tanga bila kuniaga, ukaniachia mchele uliochambuliwa.

Nilimaliza, kama hukuwahi kuambiwa. Jumapili niliwalaza watoto mapema, nikakaa saa 2 usiku na kunyanyuka saa 12 asubuhi. Saa mbili za kwanza nilikuwa nimeshayarudia yale 600, nne zilizofuata nikabadilisha vitenzi vya fomu ya mzazi, na nne za mwisho nikasahihisha. Huwa nasahihisha mara mbili: mara ya kwanza nasoma kwa sauti ya chini, mara ya pili siangalii maneno kabisa, bali nafuata tarakimu peke yake, nikiweka alama ya penseli kwenye nakala ya Kiingereza kwa kila namba niliyoikuta. Hapo ndipo nilipoona kwamba katika ile sehemu niliyoiandika upya kwa hasira na usingizi, nilikuwa nimeandika kwamba mtoto asipewe chakula kuanzia saa 10 usiku. Kiingereza kilisema kumi, lakini kumi yao ya usiku ni saa 4 yetu. Damu ilikuwa itolewe saa 1 asubuhi, na mama ambaye angefuata maandishi yangu angeweza kumlisha mwanawe saa 9 alfajiri kisha akamleta akiamini kwamba amefunga usiku kucha. Nilirekebisha, nikawapikia watoto uji, nikawasindikiza shule, nikatuma saa 2 na dakika 40. Dakika ishirini zilibaki.

Nimeambiwa kwamba ulimweleza shangazi kuwa mtoto alisimama pale mlangoni muda mrefu na mimi sikumwona. Wale wanaosoma barua hii wataniwia radhi, kwani hili ni la kwetu. Nilimwona, dada. Nilimwona tangu alipofungua mlango, nikamwambia asubiri nimalize mstari, na baada ya mstari ule nikaanza mwingine. Mistari mitatu, pengine minne. Huyohuyo ndiye niliyemlipia muhula kwa fedha zile, na bado nikikumbuka nguo zile zilizolowa sipati jibu la kumpa, isipokuwa kwamba sentensi ile ilikuwa ndefu na kitenzi chake kilikuwa hakijafika.

Kuna fomu fupi ya kurasa tatu nimeiweka kando kwa ajili yako. Haina haraka. Tafsiri kurasa mbili za kwanza, umpe Mama aniletee akija, nami nitazisoma usiku.