Ukuta Mrefu Unapopasuka Wima, Usiuzibe kwa Saruji

Mteja wetu mmoja wa Dodoma alijenga uzio wa mita 54 kwa matofali ya saruji ya inchi 6, ukuta mmoja mfululizo toka kona hadi kona. Nguzo zipo kila baada ya mita 3, juu kuna lenta, na pande zote mbili zimepigwa plasta. Miezi tisa baadaye alituita. Nyufa saba zilikuwa zimesimama wima. Fundi wake alikuwa ameshazijaza saruji na kupaka rangi mara mbili, na mara zote mbili zilirudi palepale.

Tulimwomba apige mistari ya penseli kukatisha nyufa tatu, kisha azipime saa kumi na mbili asubuhi na saa tisa alasiri. Asubuhi ya baridi ufa ulikuwa mpana, alasiri ukabana. Hapo tukajua ukuta unasinyaa na kutanuka, na msingi haujazama. Msingi ukizama, ufa kwa kawaida hupanda kama ngazi kwenye viungo vya matofali, upande mmoja ukiwa mpana kuliko mwingine, na hausogei na jua. Ufa wa namna hiyo hautibiwi kwa kazi ninayoieleza hapa.

Tofali la saruji hupungua kadiri linavyokauka, hasa likijengwa bado bichi. Linaweza kupungua hadi nusu milimita kwa kila mita. Ongeza joto: mita 6 za ukuta zikipata tofauti ya nyuzi 30 kati ya alfajiri na mchana, hurefuka kwa karibu milimita 2. Msingi ulio ardhini hausogei hivyo, kwa hiyo unaushika ukuta kwa chini. Ukuta unataka kufupika, umeshikwa, unakatika. Saruji uliyojazia kwenye ufa ni ngumu kama tofali lenyewe, nayo itakatika vilevile.

Dawa ni kuuachia ukuta mwanya wa kutanuka, ule mafundi wanaouita ekspansheni. Kwa matofali ya saruji tunauweka kila mita 6 hivi. Matofali ya kuchoma huvumilia mpaka mita 10 au 12. Mwanya hukaa ubavuni mwa nguzo, na pia mahali ukuta unapobadilika kimo au unapokutana na jengo. Kwa ukuta wa Dodoma tulipata vipande tisa, yaani mianya minane.

Mwanya lazima upite kote: plasta ya pande zote mbili, tofali, lenta na kofia ya juu, ukiishia kwenye msingi. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Fundi hukata plasta tu, ukuta ulio nyuma yake bado umeshikana, na ufa mpya unatokea hatua mbili pembeni. (Lenta inayobeba paa usiikate kabla mhandisi hajaiona. Ya uzio mtupu haina tatizo hilo.) Kwa kuwa ukuta uliokatwa unaweza kuyumba, tuliunganisha kila kipande na nguzo yake kwa bapa la chuma kisichoshika kutu, kila kozi mbili. Ncha moja imefungwa kwenye nguzo, nyingine imevishwa plastiki ili iteleze ndani ya kiungo cha matofali.

Upana tuliokata kwa grinda ni milimita 12. Mwanya huo tunauziba kwa silanti, dawa laini inayovutika. Silanti nzuri ya poliyurethani huvumilia kuvutwa au kubanwa robo ya upana wake, hivyo milimita 12 zinatupa nafasi ya milimita 3.

Kabla ya kuziba, tunasugua kingo kwa brashi ya waya, tunapuliza vumbi, tunasubiri pakauke na kupaka praima. Kisha tunasukuma ndani kamba ya sponji ya milimita 15, nene kuliko mwanya ili ijibane yenyewe. Kamba hiyo ina kazi mbili: kupunguza kina cha silanti kibaki milimita 6, nusu ya upana, na kuizuia isigande kwa nyuma. Silanti ikishika kingo mbili tu huvutika kama mpira. Ikishika na nyuma pia, inachanika. Tunabandika tepu ya karatasi pembeni, tunajaza, tunalainisha kwa kijiko chenye maji ya sabuni, tunabandua tepu kabla silanti haijakauka. Tunafanya kazi hiyo asubuhi umande ukishakauka, ukuta ukiwa haujapata moto, kwa sababu mwanya uliozibwa saa nane mchana utavutwa tu kila usiku.

Jamvi la kuegesha magari lina kanuni yake. La unene wa milimita 100 likatwe kila mita 2.5 hadi 3, kina cha robo ya unene, kesho yake asubuhi baada ya kumwaga. Ukichelewa litajichagulia lenyewe pa kupasuka. Na linapokutana na ukuta, acha milimita 10 zijazwe sponji, lisije likausukuma ukuta.

Ukitaka tuje kupima, tutumie kwanza picha mbili za ufa uleule, ya alfajiri na ya alasiri, rula ikiwa imewekwa juu yake.